Angalau Moja katika Siku Tano

"Mitandao mbili, namna gani zote zinakufa saa ileile moja?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo Jumamosi moja jioni kule Shari, mtaa mmoja wa mji wa Bunia. Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi mbele ya mlango wake, daftari mapajani, na mimi nimekaa chini mbele yake, matope mekundu yamenifika vifundoni. Nilikuwa nimemaliza kumweleza, kwa namba, kwamba jambo lililonipata mchana ule halikupaswa kumpata mtu yeyote mwenye laini mbili. Swali lake lilikuwa jepesi. Nikasema ni bahati mbaya.

"Bahati mbaya," akarudia. "Ile inaingia fasi gani ndani ya formule?"

Mwaka ule nilikuwa nimerudi nyumbani Saio, mtaa mwingine wa Bunia, kutoka chuo kikuu, na licence, digrii yangu ya hesabu, ndani ya bahasha ya plastiki, bila kazi, na ugonjwa wa kuuliza maswali. Nilitilia shaka kila kitu. Mchungaji alipotoa ushuhuda wa mgonjwa aliyeombewa akapona, nilimngoja mlangoni nikamuuliza ni wangapi walioombewa wasipone, na nani anayewaandika. Mama yangu alihama benchi Jumapili iliyofuata. Alipokuwa akisema kwamba sisimizi wakihamisha mayai mvua iko karibu, nilifungua daftari kuandika siku za sisimizi na siku za mvua, ili nimwonyeshe kwamba ni imani tu. Siku ya nne nilisahau daftari uani. Likaharibiwa na mvua ambayo sikuitarajia. Mama alikuwa ameshaanua nguo.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa mtu wa namna nyingine. Vita ilimkuta Djugu akiwa mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa mwisho kabisa. Alikimbia na mfuko wa nguo na kitabu kimoja cha hesabu ambacho hakuwa amekirudisha shuleni. Huku Bunia shule moja ndogo ya msingi ilimpokea afundishe darasa la kwanza, na akafundisha vizuri. Watoto walijua kusoma kabla ya Krismasi. Lakini diploma hakuwa nayo. Mkuu wa shule alimwambia kwa upole kwamba mwaka mpya wa masomo ukianza bila diploma, darasa litapewa mtu mwingine. Kwa hiyo akajiandikisha kama mtahiniwa anayejisomea mwenyewe, pamoja na vijana ambao angeweza kuwatuma maji, na mtihani wa hesabu ukapangwa Jumatatu.

Alikuwa na desturi moja isiyotikisika: Jumapili hagusi daftari, na Jumapili yake ilianza Jumamosi giza likiingia. Jumapili ni ya Mungu, na Mungu, alisema, hafanyi hesabu za makosa. Maana yake, kile ambacho hakijaingia kichwani Jumamosi kabla ya giza hakitaingia tena. Nilikuwa ninaijua desturi hiyo vizuri. Nilishawahi kumuuliza msingi wake ni nini.

Jumamosi hiyo, kama saa sita za mchana, aliniletea picha kwenye simu. Alikuwa amepiga picha ukurasa wa maswali ya mazoezi, karatasi ya fotokopi ya fotokopi, herufi zimechoka. Chini yake aliandika: "Binti yangu, hii ndiyo inanisumbua. Unipatie njia, nitaiandika leo." Swali lilikuwa kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili lingesema hivi: mtandao wa shule una uwezekano wa 0,1 wa kuanguka kila siku, na siku hazitegemeani. Tafuta uwezekano wa kupata panne, yaani anguko la mtandao, moja katika siku tano. Chini kulikuwa na majibu matano ya kuchagua, kama kawaida ya mitihani yetu: 0,5; 0,328; 0,410; 0,590; 0,00001.

Niliruka moja kwa moja kwenye neno "hazitegemeani". Hapo ndipo ugonjwa wangu uliponishika. Nani amehakikisha? Mtu aliyekaa ofisini Kinshasa? Nilimwandikia aya tatu. Nilimwambia kwamba swali lenyewe lina kasoro, kwamba mtandao ulioanguka Jumatatu hauamki Jumanne ukiwa mpya kama mtoto aliyezaliwa jana, kwamba mwanafunzi mwenye akili hapaswi kumeza sharti kama kidonge kwa sababu tu limeandikwa. Nikasoma tena aya zangu. Nikaziona nzuri. Mwishoni kabisa, kama mtu anayemtupia kuku punje, nikaandika jibu: siku moja ianguke, 0,1, siku nne zisimame, 0,9 mara yenyewe mara nne, siku inayoanguka inaweza kuwa yoyote kati ya tano, kwa hiyo zidisha kwa tano. 0,328. Nililiona jibu langu kwenye orodha, la pili, na hilo likanitosha kuwa ushahidi. Nikatuma. Alama mbili zikatokea: umefika. Akajibu kwa neno moja, "Aksanti."

Nikaenda jikoni nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi. Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikamwonyesha picha, si kwa sababu alihitaji kuiona, bali nilitaka mtu ajue kwamba licence inatumika. Aliishika simu mbali na macho, kama anavyoshika vitu vya kusoma.

"Kidole hii ya nani?"

"Ya mama mudogo. Alikuwa anashika karatasi."

"Inafunika nini?"

Nikatazama. Kidole gumba chake kilikuwa pale upande wa kushoto, kimelala juu ya mwanzo wa mstari wa mwisho wa swali. Mstari wa juu yake ulikwisha kwa kitenzi, na baada ya kidole yakaendelea maneno "une panne", panne moja. Kati ya kitenzi na panne palikuwa na nafasi ya maneno mawili mafupi. Nilikuza picha hadi kidole kikawa kikubwa kama mhogo. Kwenye ukingo wa ukucha, chini kabisa, ilionekana kama mguu wa herufi.

"Au moins," nikasema. Angalau.

"Sasa?"

"Sasa ni swali ingine kabisa, mama."

"Na weye haukuuliza." Akarudi kwenye maharagwe. "Mutu ya kuuliza kila kitu. Umeuliza pasta, umeuliza sisimizi. Kidole umeiacha."

Nilikuwa nimehesabu panne moja tu, si pungufu si zaidi. Lakini angalau moja inaweza kuwa moja, mbili, tatu, hata zote tano. Ukiziandika zote utajaza ukurasa na kukosea katikati. Njia fupi ni kugeuza swali: angalau moja isipotokea, maana yake hakuna hata moja iliyotokea. Siku zote tano zimesimama. Hiyo ni 0,9 mara yenyewe mara tano: 0,81, kisha 0,729, kisha 0,6561, kisha 0,59049. Ukitoa katika moja unapata 0,40951. Jibu la tatu, 0,410. Mtunga swali alikuwa ameweka 0,328 pale makusudi, kama mtego wa panya, na panya aliyekuja alikuwa na digrii.

Niliandika marekebisho kwa mistari miwili, bila falsafa. Nikatuma. Alama ya saa ndogo ikakaa pale pale. Mtandao ulikuwa umeanguka.

Sikuogopa. Nilikuwa na simu yenye laini mbili za mitandao miwili tofauti, kama nusu ya Bunia, kwa sababu hapa kwetu hakuna anayeamini mtandao mmoja. Na nilikuwa na formule, tena ile ile niliyotoka kuisahihisha. Nilivuta kiti cha mama, nikachukua kalamu. Tuseme kila jaribio la kutuma linashindwa mara saba kwa kumi. Hiyo ni kuwa mkali kwa mtandao, nilijisifu, ni kuhesabu kwa tahadhari. Majaribio kumi yote yakishindwa ni 0,7 mara yenyewe mara kumi, ambayo ni kama 0,028. Kwa hiyo angalau moja kufaulu ni 0,97. Tisini na saba kwa mia. Nitajaribu kila baada ya dakika tano, nikibadilisha laini, na kabla ya chai kupoa mama mdogo atakuwa na jibu lake.

"Unafanya nini pale?" mama aliuliza.

"Ninatuma."

"Mimi naona unakaa."

Jaribio la kwanza, la pili, la tano. Laini ya kwanza hakuna, laini ya pili hakuna. Nilijaribu kupiga simu; sauti ya mwanamke ikanieleza kwamba haiwezekani, kisha hata sauti hiyo ikatoweka. La nane. La kumi. Nikaandika kwenye karatasi: yametokea yale ya tatu kwa mia. Mambo ya tatu kwa mia hutokea, nikajiambia, tena hutokea mara tatu kwa kila mia. Nikamimina chai nyingine.

Majaribio ishirini yote kushindwa, kwa hesabu yangu, ni chini ya moja kwa elfu. Nililifanya la ishirini saa tisa kasoro. Likashindwa. Nikakaa nikitazama karatasi, na sasa ninakiri nilichokihisi: nilihisi kuheshimiwa. Kitu kinachotokea chini ya mara moja kwa elfu kilikuwa kimenichagua mimi, jikoni kwetu, Saio. Mimi niliyemwambia mama mdogo asimeze sharti kama kidonge, mimi niliyeandika aya tatu dhidi ya neno "hazitegemeani" pale ambapo neno hilo lilikuwa limetolewa kama zawadi ili mtu apate jibu, sikuwaza hata dakika moja kwamba majaribio yangu yenyewe yalikuwa yanategemeana. Kwamba kitu kilichoua jaribio la kwanza kilikuwa bado kimekaa pale pale kinaua la ishirini. Karatasi ilikuwa inanipigia kelele kwamba sharti langu ni bovu. Nikaona ni mimi mwenye nyota.

Mama alimaliza maharagwe, akayaosha, akayaweka motoni. Akasimama mlangoni akifuta mikono kwenye kitenge.

"Unaniambia uko na mitandao mbili."

"Ndiyo."

"Na miguu?"

Niliitazama miguu yangu.

"Mbili pia," akasema. "Sijasikia kama imeanguka."

Kutoka kwetu hadi kwa mama mdogo, kwa miguu, ni muda wa kuimba nyimbo za ibada moja ukienda kwa mwendo wa kawaida. Ningekuwa nimekwenda na kurudi mara mbili wakati ule niliokuwa nahesabu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Pikipiki zilikuwa zinateleza, nikaona afadhali miguu. Njiani nilikutana na watu wengi wameinua simu zao juu kama wanaomba. Kijana mmoja alikuwa amepanda juu ya ukuta. Hata hapo bado niliendelea kujaribu kutuma huku natembea, jaribio la ishirini na tatu, la ishirini na nne, kwa sababu mtu aliyekwisha kuamini jambo hatembei tu bila kulitazama kila hatua mia. Nilikanyaga dimbwi kwenye la ishirini na tano.

Mama mdogo aliponiona hakushangaa. Aliniletea maji ya kunywa kwanza. Kisha akanionyesha daftari.

Alikuwa na mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, herufi za duara zinazokaa juu ya mstari bila kuanguka. Swali lilikuwa limenakiliwa lote, pamoja na "au moins", ambayo kwake haikuwa imefunikwa na kidole cha mtu yeyote. Chini yake, kwa kalamu ya bluu, palikuwa na hesabu yake mwenyewe: siku zote tano zinasimama, 0,9 mara 0,9, hatua kwa hatua, hadi 0,59049. Kisha moja kutoa hiyo. Kisha 0,410, amezungushia duara. Na juu ya yote hayo alikuwa amechora mstari mmoja mrefu kwa rula, wa kufuta. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, ile anayosahihishia watoto, alikuwa ameandika 0,328 na hesabu yangu yote. Alikuwa ameinakili mara tatu ili isimtoke.

"Mama mudogo, uliipata."

"Niliipata nini?"

"Hii ya bluu. Ndiyo yenyewe. Yangu ni uongo."

Aliifuata hesabu ya bluu kwa kidole, kisha akanitazama mimi.

"Sasa juu ya nini ulinitumia kurasa mzima?"

"Kidole yako ilifunika neno."

"Kidole yangu." Akakitazama kidole chake gumba, mbele na nyuma. "Miezi minne ninasoma na taa ya simu, na kidole yangu ndiyo inapata kosa. Na weye uliona neno inakosa, ukaandika tu."

"Sikuona kama inakosa."

"Uliona ile ya kutegemeana. Ulinigombeza juu ya kutegemeana."

Nikakaa chini, kwenye jiwe la kufulia. Nikamuuliza nani alimfundisha kugeuza swali hivyo, kuanza na siku ambazo hakuna kitu. Nilitegemea aseme kitabu.

"Kule Djugu," akasema, "jioni watu hawakuuliza masasi ya bunduki italia siku ngapi wiki hii. Nani atahesabu ile? Tuliuliza kitu moja: wiki yote itapita kimya? Kimya ya lundi, na kimya ya mardi, na kimya ya mercredi. Kama ile yote pamoja ni kidogo, unafunga mizigo. Hata kama kila siku moja inaonekana muzuri." Alinyoosha ukurasa kwa kiganja. "Kitabu ilinionyesha tu kwamba ile tulikuwa tunafanya iko na jina."

Nikaokota kijiti kando ya jiwe.

Hapo ndipo nilipojitetea, maana mtu akiwa chini hujitetea. Nilimweleza kwamba nilijaribu kumtumia marekebisho tangu saa saba, mara ishirini na tano, kwa mitandao miwili, na kwamba uwezekano wa yote kushindwa ulikuwa mdogo kuliko punje. Nilimwandikia hata 0,7 juu ya mchanga kwa kijiti. Akasikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mtoto anayeeleza kwa nini mbuzi alikula kazi yake ya nyumbani. Na ndipo akaniuliza swali lile: mitandao mbili, namna gani zote zinakufa saa ileile moja?

Jua lilikuwa bado lipo. Tulichukua kalamu ya bluu. Hakufuta mstari wake wa rula. Aliandika hesabu upya chini yake, kisha nikamtungia maswali mengine kama lile, kwa kubadilisha namba, na mawili nikaweka neno "tu" badala ya "angalau" ili auone mtego. Aliuona mara zote mbili. Mimi niliukosa mmoja, niliokuwa nimeutunga mwenyewe. Giza lilipoanza alifunga daftari, akaliweka juu ya kabati chini ya Biblia, na hakuligusa tena hadi Jumatatu.

Jumatatu mchana, mtandao ukiwa umesharudi tangu jana yake, aliniandikia akitoka kwenye mtihani. Marekebisho yangu ya Jumamosi yalikuwa yamemfikia Jumapili, yote ishirini na tano, moja nyuma ya nyingine, wakati wa mahubiri. Alisema simu yake ilitetemeka ndani ya mkoba hadi jirani akadhani ameweka kuku mle. Swali la mtihani halikuwa la mtandao bali la taa: taa tatu, kila moja uwezekano wa 0,2 wa kuungua, angalau moja iungue. Aliandika 0,488. Niliihesabu mara mbili, kisha nikasoma tena maneno aliyoniandikia, kuona kama kuna kidole.

Matokeo yalipotoka jina lake lilikuwemo, na darasa la kwanza halikupewa mtu mwingine.

Ni muda mrefu baada ya hapo, nilipokwenda shuleni kwake siku moja kumpelekea kitabu, ndipo nilipomkuta anazungumza getini na baba wa mwanafunzi wake. Pikipiki ya baba huyo ilikuwa na madumu ya njano yamefungwa nyuma, yananuka mazutu, yaani dizeli. Mama mdogo alinivuta mkono.

"Huyu papa anafanya kazi ya kupandisha mazutu kule juu kwa minara. Nimemuuliza ile ya mitandao yako mbili. Papa, umwambie."

Baba yule alinitazama kwa huruma, nadhani alikuwa ameshasimuliwa yote.

"Ile minara mbili, mademoiselle? Mitandao ni mbili, ndiyo. Jenereta ni moja."